Picha ya tovuti kama inavyoonekana kwenye simu: maswali yenu

Nikipiga picha ya skrini ya tovuti ya duka langu, inatokea na tabo za kompyuta. Nataka kama ya simu tu.

Fungua tovuti kwenye Chrome, bonyeza F12, kisha Ctrl+Shift+M. Ukurasa utabanwa katikati, na juu yake kutatokea upau wenye neno Dimensions. Hapo chagua simu, tuseme iPhone SE, halafu pakia ukurasa upya, maana tovuti nyingine hupanga sura yake pale tu inapofunguliwa. Sasa bofya vidoti vitatu vilivyo mwisho wa upau huohuo. Wengi hubofya vile vya kivinjari chenyewe, wakarudi wakilalamika kwamba hawaoni kitu. Ukichagua Capture screenshot, picha itashuka kwenye folda la Downloads.

Upau unasema 375 × 667, mbona picha imetoka 750 × 1334?

Ipo sawa. Skrini ya iPhone SE huchora kila pikseli ya ukurasa kwa pikseli mbili za kioo kwa upana na mbili kwa urefu, kwa hiyo Chrome nayo inazidisha kila upande kwa mbili. Usiipunguze, maandishi yatafifia.

Nimetumia Capture full size screenshot nipate ukurasa mzima. Picha za bidhaa za chini zimetoka nafasi tupu.

Hili limeshaniaibisha: nilimtumia mteja picha ndefu ya duka lisilo na bidhaa hata moja. Tovuti nyingi hazipakui picha mpaka msomaji azikaribie, na amri hiyo haikungoji ushuke. Shuka mwenyewe taratibu hadi chini kabisa, subiri picha zote zijae, panda juu, ndipo upige.

Ukurasa ukiwa mrefu mno kuna balaa jingine: sehemu ya chini hutoka tupu au hurudia ya juu. Picha ikipita takriban pikseli 16,384 kwa urefu, kivinjari huanza kushindwa. Chukua ukurasa wa pikseli 6,000 kwenye simu inayozidisha kwa tatu: unapata 18,000, umeshapita. Kwenye vidoti vilevile chagua Add device pixel ratio, upau uonyeshe simu inazidisha kwa ngapi, kisha chagua simu inayozidisha kwa mbili. Zitakuwa 12,000, na picha itatoka nzima.

Kwa hiyo naweza kumwambia mteja kwamba ndivyo itakavyoonekana kwenye iPhone yake?

Mwambie ni makadirio. Chrome inaigiza simu tu. Anayechora ukurasa bado ni Chrome ya kompyuta yako, si Safari. Kibodi ya simu haipandi, kwa hiyo fomu ya oda inaweza kuonekana safi kwenye picha, kumbe simuni kibodi inafunika kitufe cha kutuma. Picha ya fomu, mimi huipiga kwenye simu yenyewe.