Azimio la kazi katika wasifu wa mhariri

"Ninafundisha Kiswahili Nairobi na ninaomba kazi ya uhariri wa vitabu vya kiada. Nieleze vipi maazimio yangu ya kazi?"

Mwalimu mwenzangu, kitabu cha kiada hupimwa na KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala ya Kenya, dhidi ya mtaala kabla ya kuidhinishwa, kwa hiyo mchapishaji humtafuta mtu anayeweza kugundua mada iliyoachwa au zoezi lisilopima lililofundishwa. Kuandika "Niliandaa maazimio ya kazi" hakumwonyeshi hilo. Andika: "Niligawa mtaala wa mwaka katika mihula mitatu, nikaoanisha kila kipindi na matokeo maalumu yanayotarajiwa, nikatunga mazoezi ya kuyapima na kuyarekebisha pale wanafunzi walipokwama." Ambatisha zoezi moja, kabla na baada ya marekebisho. Usidai kuhariri miswada ikiwa hujawahi, kwa maana jaribio la uhariri litakuumbua.