Mianga ya Kaskazini: Tazama Mawingu Kwanza

Watu wanaopanga kwenda kuona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku karibu na ncha ya dunia, huniuliza kwanza habari za Kp, ile namba ya 0 hadi 9 inayoonyesha jinsi upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua, ulivyoutikisa usumaku wa dunia. Mimi huwaambia waiweke kando kwa muda. Ukiwa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, uko kwenye ukanda wenyewe ambamo mianga hii huwaka, na hata Kp ikiwa 1 au 2 unaweza kuiona vizuri. Kinachowanyima wengi ni mawingu. Mianga huwaka kilomita 100 na zaidi juu ya ardhi, na mawingu yote yako chini yake. Yakitanda, hata dhoruba kubwa ya jua haitakusaidia.

Kuhusu tarehe, msimu huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha mwanzoni mwa Aprili, maana wakati wa kiangazi usiku wa kule hauingii giza. Mimi napenda Machi. Usiku bado ni mrefu wa kutosha, usumaku wa dunia huelekea kuchafuka zaidi siku zinazokaribia usiku na mchana kulingana, na mchana unapata nafasi ya kuikagua barabara utakayoipita gizani. Epuka mwezi mpevu ukiweza, kwa kuwa huififisha mianga hafifu, lakini mwezi nusu usikuvunjie safari. Muhimu zaidi ni kulala huko siku nne au tano, kwa sababu mawingu ya baharini huja na kuondoka.

Sasa chukua jioni moja. Uko Tromsø, upepo unavuma kutoka baharini upande wa magharibi, na theluji inadondoka. Wengi hurudi hotelini. Wewe fungua yr.no, tovuti ya Norwe ya hali ya hewa, angalia utabiri wa mawingu saa kwa saa, na usiishie Tromsø: linganisha na Skibotn, kisha Kilpisjärvi upande wa Finlandi. Upepo huo unapoipanda milima ya Lyngen huacha unyevu wake mwingi upande wa bahari, hivyo Skibotn, iliyo nyuma ya milima, mara nyingi huwa na anga wazi usiku uleule ambao Tromsø imefunikwa. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa barabara ya E8. Skibotn nayo ikionyesha mawingu, Kilpisjärvi iko kama kilomita 50 mbele, ndani zaidi ya nchi kavu. Beba pasipoti, na gari liwe na matairi ya theluji. Barabara ikiwa na barafu na hujawahi kuendesha juu yake, lipia safari ya kuongozwa.

Fika kabla ya saa 3 usiku. Tafuta maegesho ya pembeni mwa barabara yasiyo na taa, ambako mlima hauzibi upande wa kaskazini, kisha zima taa za gari na uyape macho nusu saa ya kuzoea giza. Ukiona utepe wa kijivu usioeleweka, upige picha kwa simu ukiiacha ikusanye mwanga kwa sekunde tatu. Wingu litabaki kijivu au kuchukua rangi ya taa za mji. Mwanga wenyewe utatoka kijani.

Hapa ndipo subira inapohitajika, na ndipo naona watu wengi wakipoteza usiku wao. Kwa kawaida huanza upinde mtulivu wa mwanga, mashariki hadi magharibi, ambao waweza kukaa hivyo kwa muda mrefu. Wanaoondoka wakati huo hukosa kilicho bora. Ukingo wa chini ukianza kung'aa na upinde kujikunja, inua macho: katika dakika chache mianga inaweza kutapakaa anga nzima, kisha ikavunjika na kuwa mabaka yanayowaka na kuzimika. Baada ya saa moja au mbili, mara nyingi hujikusanya upya na kulipuka tena.

Kungoja hivyo kunategemea mavazi, maana Kilpisjärvi inaweza kufika nyuzi 25 chini ya sifuri na wewe umesimama tu. Nguo ya ndani iwe ya sufu, kamwe isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kukupoza. Juu yake vaa sweta nene, kisha koti refu lisilopitisha upepo. Buti ziwe kubwa kwa saizi moja. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole hufa ganzi upesi kuliko ukivaa moja. Simama juu ya kipande cha sponji au ubao, kwa kuwa baridi kali hupanda kutoka kwenye theluji kupitia nyayo. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ganzi ya vidole isipoondoka hata ukitembea, ingia garini upate joto, huku mmoja wenu akibaki nje kuutazama upinde.