Bosi kaomba ajenda, hajasema kikao cha nini

Swali: "Mwenyekiti kanitumia ujumbe: 'Niandalie ajenda ya kikao cha Alhamisi.' Hajasema kikao kinahusu nini, nani wanakuja wala kitachukua muda gani. Nianzie wapi?"

Mkuu, nimekuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu huku Dodoma, na ujumbe wa namna hiyo naujua vizuri. Usimrudishie maswali matatu matupu. Mwenyekiti yuko shambani au barabarani, atakujibu "we andaa tu".

Anza na muhtasari wa kikao kilichopita, usome yatokanayo, kisha uangalie msimu. Kama ni Februari na mavuno yameanza, na muhtasari unasema bei iliahirishwa, basi dhumuni umeshalipata kwa kiasi kikubwa. Halafu mwandikie ulichokisia ili yeye asahihishe tu. Mimi niliandika hivi:

"Shikamoo Mwenyekiti. Ajenda ya Alhamisi nimeichukulia kuwa ya kikao cha bodi cha kupanga bei ya chini ya zabibu, wajumbe wa bodi na meneja, saa 4 hadi saa 6. Je, wanunuzi watakuwepo? Naomba jibu leo kabla ya saa 8 mchana."

Swali nililomuuliza ni la wanunuzi peke yake, kwa sababu wahudhuriaji ndio wanaobadilisha karatasi yenyewe. Wakiwa bodi tupu, unaandika "Kupanga bei ya chini ambayo chama hakitashuka". Mnunuzi akiwepo, mstari huo akiusoma mmeshauza siri yenu kabla ya kukaa. Hapo inabaki "Kupokea na kujadili bei za wanunuzi", na bodi inakutana peke yake kabla.

Alijibu kwamba wanunuzi wanakuja saa 5. Kwa hiyo saa ya kwanza ikawa ya bodi: kufungua na kuthibitisha ajenda dakika 5, muhtasari na yatokanayo 15, bei ya chini 40. Saa ya pili: bei za wanunuzi dakika 45, kreti na usafiri 10, kufunga 5. Wanunuzi walipewa karatasi yao yenye saa ya pili tu.

Angalia pia jinsi unavyoandika kila kipengele. "Bei ya zabibu" haimwambii mjumbe kama anakuja kusikiliza au kuamua. "Kupanga", "kupokea" na "kuidhinisha" zinamwambia. Na "Mengineyo" uitazame sana, maana kikao kisichojulikana dhumuni huhamia huko chote na kumaliza muda.

Ukikisia muda, dakika utazipunguza hata asubuhi ya kikao. Lakini kama suala la wageni halijajibiwa, usiisambaze ajenda kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe. Mpigie simu, na asipopokea, mtafute meneja au katibu, kwa kawaida mmoja wao anajua nani kaalikwa.