Maswali na Majibu: Mabango ya hatari kwa Kiswahili

Mwalimu, mchora mabango ametuandikia HAKUNA KIINGILIO kwenye geti la mjengo wetu. Soja anasema watu wanalisoma, wanacheka, wanaingia. Tufanyeje? (Msimamizi wa mjengo, Kilimani)

Hao wanaocheka wamesoma sawasawa. Kiingilio ni pesa unayolipa getini kuona mpira, kwa hiyo bango lako linawakaribisha watu bure. Andika USIINGIE. Kama kuna wenye kibali, andika USIINGIE BILA RUHUSA.

Huenda mtu wa ofisini akakuletea HAIRUHUSIWI KUINGIA KWA WATU WASIOIDHINISHWA. Mkatalie. Hizo ni herufi 40, na ile yangu ina 18. Kipimo ambacho wachoraji wengi hukifuata ni herufi yenye kimo cha sentimita 1 kwa kila mita 3 za umbali. Ukitaka dereva wa lori asome akiwa mita 15, unahitaji herufi za sentimita 5, na maneno marefu namna hiyo yatataka ubao mrefu zaidi ya mara mbili ya wangu. Tena "hairuhusiwi" inatoa taarifa tu, haimwambii mtu yeyote aache chochote. "Usi-" inamlenga msomaji mmoja, na inakaa mwanzoni kabisa, kwa hiyo hata aliyeona herufi tatu tu anajua anakatazwa.

Faida hiyo ina upande wake mbaya. Mchoraji akiishiwa na nafasi, hulikata neno: USI juu, INGIE chini. Mbao zikirundikwa mbele ya ubao au mstari wa juu ukichunwa na jua, kinachobaki kinakaribia kabisa kuwa ruhusa. Mwambie apunguze herufi au aongeze ubao, lakini neno la kukataza lisikatwe.

Kiwandani tunaning'iniza lebo kwenye swichi mashine ikitengenezwa. Nimetafsiri kutoka Kiingereza: USIENDESHE KIFAA, KIKO CHINI YA MATENGENEZO. Inatosha? (Fundi wa stima, Eneo la Viwanda)

Haitoshi, ndugu yangu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu aliyeingiza mwili ndani ya mashine analindwa na kufuli pamoja na hicho kipande cha plastiki tu.

Kuendesha, kwa mtu wa Nairobi, ni gari au baiskeli. Kitenzi cha Kiingereza ulichokitafsiri, "operate", kinabeba kuwasha, kuzima, kufungua na kufunga kwa pamoja. Usihangaike kutafuta neno moja la Kiswahili litakaloyabeba yote hayo. Simama mbele ya kifaa ujiulize mkono wa mtu utafanya nini pale. Kwenye swichi utawasha, basi andika USIWASHE. Kwenye vali ya mvuke utafungua, basi USIFUNGUE. Kwenye feni inayompelekea hewa mtu aliye ndani ya tangi, hatari imegeuka: andika USIZIME. Chapisha aina tatu na uziweke katika masanduku matatu, maana fundi mwenye haraka atachukua lebo yoyote iliyo karibu, na USIWASHE ikining'inia kwenye vali haimzuii mtu kuifungua.

Mstari wa pili utoe sababu. "Chini ya matengenezo" inaweza kumaanisha kwamba mafundi wamekwenda kula chakula cha mchana. KUNA MTU NDANI haina maana ya pili. Kama hakuna aliyeingia ila mikono iko kwenye nyaya, andika FUNDI YUKO KAZINI. Kwenye swichi yako, basi, lebo nzima iwe hivi:

HATARI
USIWASHE
KUNA MTU NDANI
Jina: ........ Simu: ........ Tarehe: ........
Anayeondoa ni mwenye jina hili peke yake.

Mistari mitatu ya juu isomeke ukiwa umesimama. Iliyobaki iwe ndogo, kwa sababu anayeihitaji tayari ameishika lebo mkononi. Na kufuli libaki palepale: lebo inaeleza, lakini haizuii stima kupita.

Vitabu vya mashine za Kimarekani vina ngazi tatu za maonyo. Tumezitafsiri HATARI, ONYO na TAHADHARI, lakini wafanyakazi wanaziona sawa zote. (Afisa wa usalama, Ruaraka)

Mpangilio wenyewe ni sahihi, uendelee nao. Katika kiwango cha ANSI Z535, ngazi ya juu ni ya hatari ambayo usipoiepuka itakuua au kukujeruhi vibaya. Ya pili inaweza kufanya hivyo. Ya tatu inaweza kukuumiza kidogo au kiasi. Tofauti ya mbili za kwanza iko kati ya "itakuua" na "inaweza kukuua".

Tatizo ni kwamba mfanyakazi wako hajasoma kiwango hicho. Onyo analolijua yeye ni barua ya onyo kutoka kwa mwajiri, au ukuta ulioandikwa ONYO na faini ya kukojoa. Neno hilo kwake linanukia adhabu. Kwa hiyo usiliache lifanye kazi peke yake. Ngazi ielezwe na mstari unaofuata. HATARI. VOLTI 11,000. USIGUSE, ITAKUUA. Kisha: ONYO. MSUMENO UNAWEZA KUKATA MKONO. Na ya tatu: TAHADHARI. SAKAFU INATELEZA. Asiyejua ngazi atajua kitakachompata. Usipandishe tu kila kitu kiwe HATARI ili watu washtuke. Baada ya wiki mbili sakafu yenye maji na transfoma vitakuwa kitu kimoja machoni mwao.

Mlango wa ghala letu la mitungi ya gesi umeandikwa USIVUTE. Wateja wanausukuma. (Muuza gesi, Kariobangi)

Wanakutii! Neno hilo likiwa peke yake mlangoni, mlango ndio unaovutwa. USIVUTE SIGARA ingefaa, ila inamwachia nafasi mwenye kiberiti au jiko. Andika USIWASHE MOTO, uweke na alama ya P003 ya ISO 7010: njiti inayowaka ndani ya duara jekundu lenye mstari wa kukata. Alama hiyo inakataza moto wowote wa wazi, sigara ikiwemo. Bango lenyewe lisogeze hadi kwenye geti la nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kutoka mlangoni kabla mteja hajafika kuusoma.

Bomba la mvuke limebandikwa MOTO! na mlango wa dharura NJIA YA MOTO. Sawa? (Mpishi mkuu, hoteli ya katikati ya jiji)

Hapana, vyote viwili. La kwanza litafanya mtu akimbilie kizima moto. Andika INACHOMA, USIGUSE. La pili linaonekana kama mahali moto utakapopitia. Andika MLANGO WA DHARURA kwenye ubao wa kijani.

Nitajuaje tafsiri imefaulu bila kumlipa mtaalamu? (Msomaji, Umoja)

Chukua watu ambao hawakuhusika kuiandika: mama wa kufua, kijana wa mkokoteni, mgeni aliyekuja juzi kutoka mashambani. Mwonyeshe kila mmoja bango kwa sekunde tatu, ulifiche, kisha uulize, "Limekuambia ufanye nini?" Usiulize kama ameelewa, kwa sababu atakuitikia ndiyo kwa adabu. Akikujibu kwa kitendo, kama "nisiguse hiyo boksi", limepita. Akianza na "linahusu mambo ya stima", rudi ukaandike upya, na safari ya pili utafute watu wengine, maana hao wa kwanza tayari wanajua jibu.