Nilishushwa kutoka umeneja hadi afisa wa mikopo: nilieleze vipi jopo la mahojiano?

SWALI: Nilikuwa meneja wa tawi katika chama cha akiba na mikopo hapa Nakuru kwa miaka 4. Machi mwaka jana, baada ya wakulima wa mahindi kuchelewa kulipa, nilirudishwa kuwa afisa wa mikopo na mshahara ukashuka kutoka shilingi 85,000 hadi 60,000. Mikopo ile iliidhinishwa na makao makuu, na jambo hilo bado linaniuma. Sasa nimeitwa Kisumu kuhojiwa kwa nafasi ya umeneja. Nitajibu vipi bila kuonekana mwenye kinyongo?

JIBU: Watakaokuhoji ni watu wa mikopo, na mtu wa mikopo akisikia kwamba meneja ameshushwa cheo, hutaka kwanza kujua ni fedha kiasi gani zilikuwa zimepitisha siku 30 bila kulipwa. Jibu lako lianze na tarakimu hizo, kwa sababu anayechelewa kuzitaja huonekana anazificha, na anayetanguliza malalamiko huonekana hazijui.

Nimekaa katika majopo ya namna hii kwa miaka mingi, na nimeona kwamba kinyongo husikika zaidi katika mtendaji wa sentensi kuliko katika sauti. Mwombaji anayesema "walinishusha", "walinigeuka", "hawakunisikiliza" huwa amewajaza chumbani watu ambao jopo haliwezi kuwahoji. Sema "nilipendekeza", "nilikosea kupanga", "nilifuatilia". Kuhusu makao makuu, ni kweli waliidhinisha, lakini pendekezo lilitoka mezani kwako. Itaje idhini yao ukiulizwa tu mipaka ya mamlaka yako ya kuidhinisha, na kwa sentensi moja.

Kwa kuwa sina tarakimu za tawi lako, nitatumia za mfano, nawe uweke zako:

"Kufikia Februari mwaka jana tawi langu lilikuwa na mikopo ya shilingi milioni 60, na iliyopitisha siku 30 ilikuwa imepanda kutoka milioni 2.4 hadi milioni 6.6. Sehemu kubwa ilikuwa ya wakulima wa mahindi, ambao niliwapendekezea marejesho ya kila mwezi ilhali wao hupata fedha baada ya kuvuna na kuuza. Mwezi Machi nilirudishwa kuwa afisa wa mikopo, kwa mshahara mdogo zaidi. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia mikopo hiyohiyo, na kufikia Desemba ilikuwa imeshuka hadi milioni 3.3."

Ukifika hapo, nyamaza. Haichukui hata dakika moja, na ukimya utakaofuata utakushawishi uongeze jambo. Hilo la kuongeza ndilo huwa na uchungu.

Mjumbe makini atakuuliza kati ya milioni 3.3 zilizopungua, ni ngapi zililipwa kwa fedha na ngapi zilipangiwa tarehe mpya tu, kwani mkopo uliopangwa upya unaweza kuonekana mzima kwenye ripoti kabla mkulima hajalipa hata shilingi. Usipokuwa na mgawanyo huo, simulizi yote ya kurekebisha kosa itaanguka. Uandae kabla ya kupanda matatu, lakini usibebe orodha ya wateja wala ripoti za ndani za mwajiri wako, jumla zitoshe.

Katika wasifukazi, andika nyadhifa zote mbili kwa mwajiri yuleyule, kila moja na miezi yake. Ukiziunganisha ziwe "meneja, miaka 5", karatasi zitakuumbua: fomu ya P9 huonyesha malipo mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo mshahara ulioshuka kuanzia Machi utaonekana bila mtu kukuchongea. Ukiulizwa mshahara wa sasa, taja 60,000, kisha useme kwamba katika nafasi ya umeneja ulikuwa 85,000, na kwamba unaomba kulipwa kulingana na kazi unayohojiwa.

Isome tena barua uliyopewa Machi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kama hukushirikishwa, hilo ni la kupeleka kwa wakili au afisa wa kazi, wala si la kumwagia jopo. Hapa barua ina faida nyingine: ikiwa imeandika "mabadiliko ya muundo" nawe ukasema "mikopo iliyochelewa", eleza mwenyewe kwamba barua inataja muundo na kwamba hali ya mikopo ndiyo iliyotangulia, ili wasije wakadhani mmoja wenu anadanganya.

Jambo la mwisho ni aliyekuwa msimamizi wako, ikiwa umemtaja kuwa mtu wa kuulizwa kukuhusu. Mpigie simu wiki hii, msomee maneno utakayosema kuhusu Machi, na umwulize kama kuna tarehe au tarakimu ambayo yeye angeitaja tofauti.