Mpangaji anataka kununua nyumba yangu anayokaa: nilivyoijibu ofa ya namna hiyo

"Wakuu, mpangaji wangu wa miaka minne huku Tabata anataka kununua nyumba niliyompangisha. Analipa laki nne kwa mwezi. Anatoa milioni 85, nusu sasa, nusu baada ya mwaka. Nimjibu nini?"

Mkuu, usimtajie bei kwanza. Mimi wa kwangu, mama mmoja mwalimu pale Segerea, nilimwambia tu, "Nimekusikia mwalimu, nipe wiki mbili niongee na nyumbani." Si kumzungusha. Hata kama hati ina jina lako peke yako, kama ni nyumba ya ndoa sheria inataka ridhaa ya mwenzako, na wakili yeyote makini ataidai. Kama ni ya urithi, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi, si wewe uliyezoea kupokea kodi.

Ndani ya hizo wiki mbili zunguka mtaani. Uliza madalali wawili watatu nyumba kama yako inatoka kwa ngapi, na uliza pia kama kuna barabara au mradi unaokuja, maana anayekaa pale huzisikia habari hizo kabla yako.

Sasa hesabu. Tuseme mtaani wanakwambia milioni 90 taslimu. Dalali akichukua asilimia 5, hiyo ni milioni 4.5, na nyumba ikikaa tupu miezi miwili ukisubiri mteja umepoteza laki nane. Unabaki na milioni 84.7. Kwa hiyo 85 ya mpangaji, isiyo na dalali, ni bei ya haki kabisa, ILA iwe taslimu.

Yeye hatoi taslimu. Akishalipa nusu atajiona mwenye nyumba na kodi ataacha kulipa. Kodi ya mwaka ni milioni 4.8, kwa hiyo ofa yake imeshuka hadi 80.2, na nusu ya pesa bado iko mfukoni mwake. Mnunuzi wa nje akishindwa kumalizia, nyumba bado iko mikononi mwako. Huyu yumo ndani, ana funguo na ana risiti ya milioni 42.5. Kumtoa ni kesi ya baraza la ardhi, na huko utakaa.

Mimi nilimjibu mwalimu hivi: bei naikubali, lakini mkataba wa upangaji unaendelea mpaka shilingi ya mwisho. Tukaandika mikataba miwili tofauti kwa wakili. Wa upangaji ulibaki na kodi ileile na tarehe zilezile. Wa mauziano ulisema umiliki haupiti mpaka malipo yakamilike, hati inakaa kwa wakili, na akichelewa zaidi ya siku 60 mauziano yanavunjika, anarudishiwa alicholipa kikikatwa kiasi tulichokitaja kwa tarakimu. Hicho kipengele cha kurudisha ndicho watu wanakiruka, halafu wanagombana.

Alilalamika kidogo kuhusu kodi. Akataka pia tumkatie gharama ya geti na vigae alivyoweka mwenyewe. Geti tulikuwa tumekubaliana kwa meseji, nikalikata. Vigae aliweka kwa raha zake, sikukata.

Usisahau TRA. Mauzo ya nyumba yana kodi ya ongezeko la mtaji, kwa mkazi asilimia 10 ya faida, na bila kuilipa uhamisho hausajiliwi. Kwa hiyo tafuta risiti za kiwanja na za ujenzi, maana zinapunguza faida inayokatwa kodi. Ule msamaha unaosikia watu wakiutaja ni wa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi, ya kupangisha tu haimo. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, pamoja na ushuru wa stempu ambao kwa kawaida ni wa mnunuzi.

Akikushawishi muandike milioni 50 ili kodi ipungue, kataa. Siku mkigombana, mkataba unasema 50, na hizo 35 nyingine utazithibitishia wapi? Na serikali ina wathamini wake, hawategemei mlichoandika ninyi.

Kuhusu kuuza au kutouza: laki nne kwa mwezi ni kama asilimia 5.6 ya milioni 85 kwa mwaka, kabla ya ukarabati. Hatifungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikitoa zaidi ya hapo, ila hazipandi thamani kama kiwanja cha Tabata. Kama huna mahali pa kuipeleka pesa hiyo, mimi nisingeuza. Ya Segerea niliuza kwa sababu paa lilikuwa linahitaji kubadilishwa lote, na mwalimu alilijua hilo kuliko mimi.

Kama huyo wako atakataa kabisa kulipa kodi katika ule mwaka, mwambie aende benki akaombe mkopo wa nyumba, akulipe zote kwa mkupuo. Benki italeta mthamini wake na itachukua miezi, lakini utajua kama kweli ana uwezo wa kununua au alikuwa anatafuta mwaka wa kukaa bure.