Mweusi tii chini ya taa ya bluu: kupauka kunatoka wapi

"Wakuu, nachora komiki. Mhusika mkuu ni mama muuza samaki wa kukaanga, mweusi tii. Ukurasa wa usiku: kushoto taa ya bluu ya kibanda cha jirani, chini kulia makaa ya jiko lake. Kila nikimtia bluu anageuka kijivu kama kapakwa majivu. Nikimwongezea mwanga, si yeye tena. Natumia Krita. Mnafanyaje?"

Mkuu, bila kuiona picha yako naamini umechukua bluu, ukaipaka juu ya uso wote kwenye leya ya Normal, kisha ukapunguza Opacity mpaka sura ionekane kwa chini. Nilifanya hivyo miaka kadhaa, na ndivyo nilivyoharibu kurasa nne za kitabu cha watoto. Hadithi ilikuwa ya dada wawili, mmoja mweusi tii, mwingine maji ya kunde. Kwenye kurasa za usiku wakatoka wote rangi moja ya kijivu, na mchapishaji akaniuliza yule mkubwa ameenda wapi. Swali lile liliniuma, kwa sababu mtoto anayefanana na yule dada mkubwa angekifungua kitabu na asijione.

Tupige hesabu. Tuseme rangi ya mama yako mchana ni #503228, yaani nyekundu 80, kijani 50, bluu 40. Taa ya jirani tuipe #5078FF. Ukiipaka kwa Normal kwa asilimia 40 unapata #504E7E. Angalia kilichotokea: V kwenye HSV, yaani kipimo cha mwangaza wa rangi, imepanda kutoka 31 hadi 49. Usiku umeingia, na mtu amekuwa mweupe zaidi kuliko mchana! Nyekundu na kijani zimekuwa karibu sawa, kwa hiyo hudhurungi yake imekufa na kilichobaki ni kijivu chenye ubluu.

Hicho ndicho tunachokiita kupauka, na hata kwenye ngozi halisi kinatokea kwa njia hiyo hiyo. Ngozi iliyokauka ina vigamba vidogo vinavyotawanya mwanga juu juu, kabla haujafika kwenye rangi yenyewe, ndiyo maana unaona utando mweupe. Leya yako ya Normal ni utando kama huo, umeutandaza usoni kote.

Sasa weka taa ile ile kwa Multiply. Kila namba ya ngozi inazidishwa na namba ya taa kisha inagawanywa kwa 255, unapata #191828. V imeshuka hadi 16. Huu ndio ukweli wa taa ya bluu: melanini inameza bluu kuliko inavyomeza nyekundu, kwa hiyo ngozi nyeusi ikiangazwa na bluu tupu hairudishi mwanga mwingi. Maji ya kunde, tuseme #AA7355, chini ya taa hiyo hiyo anatoka #353655, V 33. Wote wamezama, lakini tofauti yao imebaki. Hapa ndipo wengi tunapoogopa giza na kukimbilia kumng'arisha mtu mzima, na hapo ndipo anapoacha kuwa yeye.

Usiogope giza hilo, maana mwanga wa taa unarudi kwa mlango mwingine. Ngozi ina mwanga wa aina mbili: ule unaoingia ndani, ukapoteza sehemu kwenye melanini, ukatoka na rangi ya mtu, na ule unaogonga juu na kuruka bila kuingia, yaani mng'ao. Mng'ao haupiti kwenye melanini, kwa hiyo unabeba rangi ya taa yenyewe, na nguvu yake ni karibu sawa kwa mweusi na kwa mweupe. Kwa mweupe haushtui kwa sababu ngozi yote imeshawaka. Kwa mweusi tii ndio unaochora uso.

Nililiona hili kwa macho usiku mmoja umeme ulipokatika. Nilimkalisha mdogo wangu kwenye kochi, nikafungua picha ya bluu tupu kwenye simu na kuishika kushoto kwake, sentimita 40 hivi. Shavu moja nilikuwa nimelipaka mafuta ya nazi, jingine nimeliacha kavu tangu asubuhi. Nilipomulika lile kavu, lote lilikuwa na ukungu wa kijivu, mfupa wa shavu hauonekani unapoanzia. Akageuza kichwa, nikamulika lenye mafuta: weusi mzito, na katikati yake mstari wa bluu kali umeshuka kutoka pembeni ya jicho, ukapinda kwenye mfupa, ukakatika, ukatokea tena kwenye taya. Taa ilikuwa ile ile na ngozi ile ile. Mafuta yameufanya uso kuwa laini, mwanga uliokuwa umetawanyika ukakusanyika sehemu chache. Tangu siku hiyo nikichora taa ya rangi najiuliza kwanza ngozi hii imepakwa mafuta au la. Mama yako amesimama mbele ya karai la mafuta ya moto toka jioni, jasho linamtoka. Jibu unalo.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wako, anza na leya ya #503228 yenye umbo la uso tu, bila kivuli. Juu yake leya ya Multiply ya bluu kwa upande wote wa kushoto. Uache uwe mweusi.

Kisha fungua leya ya Screen, chukua rangi ya taa yenyewe #5078FF, Opacity 30, na brashi laini. Juu ya ile #191828 itakupa kama #2F3969. Hii ni ile sehemu pana ya mng'ao: paji la uso upande wa kushoto, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, bega. Kusema kweli hata Normal ingekupa rangi inayokaribiana na hiyo hapa. Kinachokuokoa ni mahali unapoiweka na mahali unapoiacha. Ikifika kwenye shimo la shavu au pembeni mwa pua, umeshaanza kumpausha tena. Mimi sipendi izidi theluthi moja ya upande ule wa uso.

Mwisho wa bluu ni brashi ngumu, ndogo, rangi kama #9DB4FF: ncha ya pua, mdomo wa chini, mstari mfupi kwenye mfupa wa shavu, matone ya jasho juu ya nyusi. Hapa kuna kosa linalojificha. Mng'ao haukai pale panapotazamana na taa moja kwa moja. Unakaa kati ya mwelekeo wa taa na mwelekeo wa jicho la msomaji. Kibanda cha jirani kikiwa nyuma kidogo ya mama, mng'ao unakimbilia ukingoni, kwenye taya, sikio na shingo, na unakuwa mkali zaidi kwa sababu mwanga unaopita kwa kuparaza uso unaruka kwa wingi kuliko unaogonga wima. Kikiwa mbele kidogo, unarudi ndani kuelekea shavu. Ukiuweka popote tu unapoona panapendeza, msomaji hatajua kosa ni nini, ila uso utaonekana wa plastiki.

Makaa ni habari nyingine kabisa. Rangi ya chungwa ina nyekundu nyingi, na nyekundu ndiyo ngozi nyeusi inayoirudisha vizuri. Kwa hiyo upande wa jiko unaweza kujengwa na mwanga ule wa ndani, wenye rangi ya mama mwenyewe. Bluu ikupe mistari, makaa yakupe mwili wa uso.

Hatari ya huku ni kinyume. Ukizidisha kwa chungwa kali kama #FF9A4A unapata #501E0C, ambayo S yake, yaani ukolezo wa rangi, ni 85, na mama anageuka udongo wa mfinyanzi. Ipoze taa hadi #FFB77A, utapata #502413, S 76, ambayo bado ni ngozi. Ila Multiply haiwezi kuvuka mwanga wa mchana uliouanzia, na makaa yaliyo karibu na kidevu ni makali. Basi pandisha namba zote tatu kwa kiasi kimoja. Mara 1.55 hivi unapata #7C381D: uwiano wa rangi haujavunjika, S iko pale pale, mtu ni yule yule, kasogelea moto tu. Kumwongezea nyeupe ni jambo jingine, kunaivunja S na kumrudisha kwenye majivu. Na kumbuka moto uko chini. Unaangaza chini ya kidevu, chini ya pua, mdomo wa juu, na ile ngozi iliyo chini ya nyusi. Viganja vyake vikielekea jikoni vipe msingi wake mwenyewe, mwepesi zaidi, maana viganja havina melanini nyingi.

Pale bluu na chungwa zinapokutana, katikati ya uso, usizichanganye kwa brashi ya kulainisha. Zikikutana nusu kwa nusu zinauana na unapata kijivu kile kile unachokikimbia. Mimi huacha ukanda mwembamba wa giza la hudhurungi katikati, kama #1E1210, ukishuka pembeni ya pua hadi kona ya mdomo.

Jambo moja ambalo nadhani nawe limekukuta: macho na meno. Ukiyaacha meupe yanawaka kama tochi, na uso mweusi unaonekana barakoa. Nayo yapitishe kwenye taa. Weupe wa jicho, tuseme #EBE6E1, chini ya bluu yako unakuwa #4A6CE1, na chini ya kivuli cha kope ushushe zaidi. Kitone cha mng'ao kwenye mboni ndicho kiwe chenye mwanga kuliko vyote usoni.

Nikimaliza huwa nafanya jaribio moja. Namkata kichwa kwenye ukurasa wa mchana, nambandika pembeni ya wa usiku pamoja na wahusika wengine wawili, natoa rangi zote nibaki na kijivu, nautazama ukurasa ukiwa mdogo kama stempu. Aliyekuwa mweusi kuliko wote mchana lazima abaki hivyo usiku, na bado nijue pua yake inaelekea wapi. Kama mpangilio umegeuka, kuna utando mahali. Zima leya moja moja mpaka uukamate.

Kama komiki itachapwa, toa karatasi moja ya majaribio kabla ya kumaliza kurasa zote. Bluu kali ya skrini haipatikani kwa wino, huwa inafifia au kuelekea zambarau, na rangi zenye V chini ya 15 huungana na kuwa doa moja. Kwa chapa mimi hupandisha ile #191828 hadi #221F33 hivi na kuupanua mng'ao mpana kidogo. Ule mdogo siugusi.

Ukishaujaribu weka hapa ukurasa, hasa nione upande wa makaa.